Mfumuko wa bei ukishushwa, ajira huumia kwa muda gani?

"Benki kuu ikipunguza mfumuko wa bei, ukosefu wa ajira unapanda au haubadiliki? Kitabu changu kinasema yote mawili."

Yote mawili ni kweli, ila kwa nyakati tofauti. Chukua nchi yenye mfumuko wa asilimia 10, kila mtu anatarajia 10, na ukosefu wa ajira uko kwenye kiwango chake cha asili, tuseme asilimia 5. Benki kuu inapandisha riba ili mfumuko ushuke hadi 4. Mishahara ilishapangwa kwa kutarajia 10, kwa hiyo gharama za waajiri zinapanda haraka kuliko bei wanazouzia, nao wanapunguza watu. Ikiwa kila pointi moja chini ya matarajio huongeza ukosefu wa ajira kwa nusu pointi, pengo la 6 linaufikisha asilimia 8. Kwenye mchoro umesogea tu ndani ya mkunjo uleule wa Phillips, yaani mstari unaoonyesha kwamba mfumuko ukishuka, ukosefu wa ajira unapanda.

Mikataba mipya ikianza kuandikwa kwa kutarajia 4, ndipo mkunjo wenyewe unashuka na ukosefu wa ajira unarudi 5. Wengi hupoteza alama hapa: wanahamisha mkunjo mapema mno.

Urefu wa maumivu unategemea kama watu wanaiamini benki kuu. Marekani, enzi za Paul Volcker akiwa mwenyekiti wa benki kuu, imani ilichelewa, na ukosefu wa ajira ukafika asilimia 10.8 mwishoni mwa 1982.

Halafu, tafadhali, usiandike kwamba bei zimeshuka. Bado zinapanda, ila polepole zaidi.