Usiniambie umeshinda mikeka mingapi, niambie Pinnacle walifunga kwa odi gani

Juzi kuna mdogo wangu mmoja msomaji kaniandikia, "Bro nimepiga singo 9, zimeingia 7, niongeze dau?" Nikamuuliza swali moja tu, hizo mechi wakati zinaanza Pinnacle walikuwa wanatoa odi ngapi? Akanijibu hajui, yeye hata haitumii hiyo kampuni ya kubeti. Dogo, na mimi nilikuwa hivyo hivyo na iliniuma, ndo maana naandika.

Mwaka 2021 nilikuwa na daftari kubwa la kaunta, naandika kila beti, dau, odi, imeingia au imechanika. Mwezi wa kwanza nikapata faida, nikajiona nimeshaujua mchezo, nikaongeza dau mara 3. Miezi miwili mbele hela yote imeenda na hela ya kodi ya chumba juu. Nilikaa kitandani na lile daftari nikaanza kutafuta odi za kufungia, zile za mwisho za Pinnacle kabla mpira haujaanza, mechi moja moja, na katika beti 60 za ule mwezi niliofurahi, 41 nilikuwa nimechukua odi mbaya kuliko ya kufungia. Yaani nilikuwa nanunua kitu bei ya juu na bahati ikanificha.

Kwa nini Pinnacle? Hawa jamaa wapo toka 1998, wanaweka cha juu kidogo sana, yaani ile faida kampuni inayojificha ndani ya odi, na wanawakubali watu wanaoshinda. Kadiri mechi inavyokaribia wanaruhusu dau kubwa zaidi, kwa hiyo wenye hela na taarifa wanaingia, odi inasukumwa huku na huku mpaka inatulia. Dakika chache kabla ya mpira kuanza ile odi imeshameza kila kitu, vikosi, majeruhi, hali ya hewa. Kampuni zetu za mtaani nyingi zinachelewa kusogea, na hapo ndipo pa kuchuma. Huhitaji akaunti Pinnacle, unahitaji kuiona bei yao tu.

Sasa kosa ambalo watu wengi wanafanya. Chukua mechi ya Ligi Kuu England, soko la magoli 2.5. Pinnacle wamefunga ova 1.90, anda 2.00. Wewe asubuhi ulichukua ova 1.93 kwenye kampuni yako, unashangilia umewapita. Hujawapita, maana ile 1.90 ina cha juu ndani yake. Kitoe hivi: 1 gawanya kwa 1.90 ni 0.5263, 1 gawanya kwa 2.00 ni 0.5, jumlisha unapata 1.0263. Ingekuwa haina cha juu ingekuwa 1 kamili. Zidisha 1.90 kwa 1.0263 unapata 1.95, hiyo ndo odi ya haki. Ya kwako ya 1.93 iko chini yake, umeliwa kama asilimia 1. Ungechukua 2.05 hapo sawa, 2.05 gawanya kwa 1.95 ni 1.051, umepata thamani ya asilimia 5 hata kama mechi iliisha bila bila.

Ngoja, bado hujamaliza. Kodi ya ushindi! Hii ilinichelewesha mwaka mzima nikidhani niko vizuri. Tuseme unakatwa asilimia 10 ya faida, ile 2.05 faida yake ni 1.05, ikikatwa inabaki 0.945, kwa hiyo odi yako ya kweli ni 1.945. Ile asilimia 5 yote imekwenda na umerudi chini ya 1.95. Angalia risiti yako unakatwa ngapi na unakatwa wapi, kwenye dau au kwenye ushindi, ndo upige hesabu. Ukikataa kupiga hii hesabu basi usiseme unabeti kwa akili.

Na usiipeleke hii kwenye kila ligi. Ligi ndogo Pinnacle wenyewe wanaruhusu dau dogo, wajuzi hawajaingia, odi ya kufungia haijakomaa. Odi kubwa za 8 au 10 nazo hii njia ya kugawanya inadanganya, inaifanya timu dhaifu ionekane ina nafasi kuliko iliyonayo. Mimi nakaa kwenye ligi kubwa, magoli na handikapu, odi karibu na 2.

Dogo nilimwambia aandike safu 3, odi aliyochukua, odi ya haki ya kufungia, odi yake baada ya kodi. Zile 9 tukazipitia pamoja kwenye simu juzi usiku, baada ya kodi 2 tu ndo zilikuwa juu ya odi ya haki. Alinyamaza muda mrefu, nikamwelewa. Dau halijaongezeka, na tumekubaliana tunaangalia tena zikifika 100.