Usinunue kapling kwa kuangalia torki peke yake

"Mota yetu ya sinkronasi, poli 4, 50 Hz, inaendesha kompresa ya sentrifugali. Kapling ya raba imekufa. Muuzaji anasema nifunge ya meno iliyo kubwa zaidi, nisahau shida. Ni sawa?"

Mkuu, simamisha hiyo oda leo hii. Sisi tuliambiwa maneno hayo hayo na muuzaji ambaye hakuuliza hata inesha ya mota ni ngapi: "Torki yake ni mara mbili, haivunjiki." Kweli kapling haikuvunjika. Ilikatika shafti ya mota, ufa ulianzia kwenye mfereji wa kii ukazunguka kwa nyuzi 45. Ufa wa mshazari namna hiyo ni alama ya msokoto. Kabla ya hapo vipima mtetemo vya kwenye beringi havikuonyesha kitu, kwa sababu vinapima nyumba ya beringi ikitikisika, si shafti ikijisokota.

Mota ya sinkronasi inapopanda mwendo, torki yake hupigapiga kwa mara mbili ya masafa ya slipu, yaani pengo kati ya mwendo wake na 1500 rpm. Ikiwa imesimama ni 100 Hz, ikifika 750 rpm ni 50 Hz, ikikaribia 1500 rpm inaelekea sifuri. Kwa hiyo kila ukiiwasha, lazima ipite kwenye masafa asilia ya msokoto ya mtambo wako yaliyo chini ya 100 Hz.

Chukua mfano: mota ina inesha ya 40 kg·m², kompresa 60. Kwa pamoja, J = 40 × 60 / 100 = 24. Shafti pamoja na kapling ya meno zikiwa na ugumu wa 2.4 MN·m/rad, f = √(k/J) / 2π inatoa kama 50 Hz, yaani rezonansi inakupiga kwenye 750 rpm. Chuma karibu hakifyonzi chochote, hivyo mtetemo unaweza kukuzwa makumi ya mara. Ukiweka raba ya 0.15 MN·m/rad katikati, masafa yanashuka hadi kama 12 Hz, na unakutana nayo karibu na 1320 rpm.

Angalia vizuri: rezonansi haijaondoka, imehama tu. Kinachookoa shafti ni raba kugeuza sehemu ya mtetemo kuwa joto, ukuzaji ukashuka hadi kama mara 6. Ndiyo maana raba iliyozeeka na kukakamaa haifai, na kuwasha mara nyingi mfululizo kunaiunguza. Tena kama mota yako inapanda polepole ikikaribia mwendo kamili, raba itakaa ndani ya rezonansi muda mrefu zaidi. Hilo lazima likokotolewe.

Mwambie muuzaji akupe ugumu wa msokoto na kiwango cha kufyonza mtetemo cha hiyo kapling, halafu hesabu ya msokoto wakati wa kuwasha, yenye torki ya juu kabisa kwenye shafti. Akikuletea katalogi ya torki tu, tafuta mwingine.