Mfumuko wa bei: tazama bei na uzalishaji kwa pamoja

Wadogo zangu mnaoanza somo la uchumi, wengi hukwama kutofautisha mfumuko unaovutwa na mahitaji na ule unaosukumwa na gharama kwa sababu wanatazama bei peke yake. Bei hupanda katika hali zote mbili. Tazameni pia uzalishaji. Watu wakiwa na fedha nyingi za kutumia, viwanda huongeza kazi, hivyo bei na uzalishaji hupanda pamoja. Gharama zikipanda, wazalishaji hupunguza, na bei hupanda huku bidhaa zikiadimika.

Chukueni Kenya ya mwaka 2022. Mvua zilikuwa zimekosekana msimu baada ya msimu, na vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mafuta, ngano na mbolea. Kufikia Julai, pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 ilikuwa imepita shilingi 200, na Oktoba mfumuko ukafika asilimia 9.6. Mwaka huohuo kilimo kilisinyaa. Bei juu, mavuno chini: huo ni msukumo wa gharama. Kati ya Mei na Novemba, Benki Kuu ilipandisha riba yake kutoka asilimia 7 hadi 8.75. Hapa ndipo jibu zuri huonekana, kwa sababu riba haileti mvua. Inachoweza ni kuzuia wafanyabiashara na wafanyakazi wasizoee kutarajia bei zitazidi kupanda.

Mfumuko wenyewe pia huleta gharama, zikiwemo za menyu na za soli za viatu. Kuhusu gharama za menyu, kosa ninaloliona mara kwa mara ni mwanafunzi kuandika kwamba ni ule ugumu wa chakula kuwa ghali. Sivyo. Ni gharama ya kubadilisha bei yenyewe. Tuseme mkahawa unauza vikombe 100 vya chai kwa siku, na kuchapisha menyu upya ni shilingi 4,500. Gharama ya kikombe ikipanda kwa shilingi 1, mwenye mkahawa anapoteza 3,000 kwa mwezi. Akitarajia bei zitabadilika tena mwezi ujao, ni afadhali avumilie. Ikipanda kwa shilingi 2, anapoteza 6,000, na sasa inamlipa kuchapisha. Ndiyo maana chai hukaa bei moja muda mrefu, kisha ikaruka ghafla.

Gharama za soli za viatu hutokana na kukwepa kushika fedha taslimu. Fedha iliyo mfukoni hupungua thamani, basi mtu huiweka panapolipa riba na kwenda kuitoa kidogo kidogo: nauli, foleni, muda wa kazi. Msiandike kwamba simu imeziondoa kabisa. Safari zimepungua kweli, lakini salio la kawaida la M-Pesa halizai riba, na anayelihamishia kwenye mfuko wa uwekezaji kisha kulirudisha huenda akalipa ada, tena hutumia muda wake kupanga hayo yote.