Mita ikisoma sifuri, usishike bado

Kijana anayekuja kwangu kujifunza umeme hashiki plaizi siku ya kwanza. Namsimamisha mbele ya boksi la breka namuuliza atajuaje kwamba waya hauna moto. Wengi hujibu, "Si nimezima swichi, fundi." Basi tunaanzia hapo.

Siwacheki, maana nami nilianza hivyo. Nikiwa saidia fundi tulikuta nyumba imeishiwa yuniti za LUKU. Nikaona kazi imerahisishwa, nikafungua soketi ya jikoni bila hata kugusa meni swichi. Kumbe mama mwenye nyumba alikuwa ameshamtuma mtoto dukani kununua umeme. Nilisikia kabisa vibonyezo vya mita sebuleni, ti, ti, ti, tarakimu zote ishirini, na bado akili haikushtuka. Kilichonishtua ni mkono kurushwa na kiwiko kugonga kabati. Umeme ulioisha, au uliokatika mtaa mzima, hujauzima wewe, na utarudi bila kukuuliza.

Kwa hiyo kwangu tunazima meni swichi, hatuishii kwenye breka ya chumba. Breka ndogo nyingi za majumbani hukata waya mmoja tu, ule wa laivu, wakati meni swichi ya fezi moja hukata laivu na nyutro kwa pamoja. Kama aliyefunga aligeuza hizo nyaya mbili zinapoingia, breka ndogo itakata nyutro na moto utabaki pale pale kwenye soketi. Ukishazima, piga kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwako wewe unayeshika nyaya. Uliza pia kama kuna jenereta, inveta au sola, kwa sababu hivyo vinaweza kuingiza umeme ndani hata meni swichi ikiwa imezimwa. Halafu kumbuka kwamba nyaya zinazoingia kwenye meni swichi kutoka kwenye mita bado zina moto.

Sasa kupima. Hapa nitaeleza nyumba moja ya zamani tuliyoitwa kubadilisha holda za taa. Kijana wangu alizima swichi ya ukutani, akapanda ngazi, akaweka ncha za mita ya mkononi ya kupimia volti kwenye skrubu mbili za holda, balbu ikiwa bado imo. Ikasoma sifuri. Akaniambia, "Kumekufa, fundi." Nikamwambia ashuke kwanza.

Nilivuta waya mrefu kutoka kwenye ethi ya boksi la breka mpaka darini, maana taa ile haikuwa na ethi. Tukapima skrubu ya kwanza na ethi: volti 230 na ushee. Skrubu ya pili na ethi: vilevile. Holda nzima ilikuwa na moto huku mita ikisema sifuri, na mita haikuwa mbovu. Fundi wa awali alipitisha nyutro kwenye swichi na kupeleka laivu moja kwa moja kwenye taa. Swichi ikizimwa, nyutro inakatika, na moto unapita ndani ya balbu mpaka skrubu ya upande wa pili. Mita husoma tofauti kati ya ncha zake mbili. Pande zote zikiwa na moto uleule, hakuna tofauti ya kusoma.

Ndiyo maana tunapima mara tatu: laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Ethi yenyewe iwe imethibitishwa kabla ya kuzima, kwa kuipima na laivu yenye moto. Mita nayo ipimwe kwenye umeme unaoujua kabla ya kupima, na irudiwe baada ya kupima, kabla hujashika waya, kwani waya wa ncha ukikatika ndani ya plastiki yake utasoma sifuri popote utakapogusa. Angalia pia ncha nyekundu haijachomekwa kwenye tundu la ampia; ukipima volti hivyo umepiga shoti kwa mkono wako. Tesita ya bisibisi mimi naitumia kutafuta moto tu. Kutowaka kwake sikuamini, kwa kuwa inategemea mwili wako kukamilisha njia, na juu ya ngazi ya mbao, mchana wa jua kali, kataa kake kanaweza kufifia usikaone.

Tulizima meni swichi, tukapima upya, ndipo tukahamisha laivu kwenye swichi na nyutro kwenye holda. Kisha tukafungua swichi zote saba za nyumba ile. Tano zilikuwa zinakata nyutro. Miaka yote hiyo taa zote saba zilikuwa zikiwaka na kuzima sawasawa.