Mizizi ya mwembe wa jirani ilipoingia kwenye chemba yangu

Masika ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Hapa kwetu Makorora, Tanga, maji ya jikoni yakawa hayaendi tena. Ukimwaga ndoo, yanazunguka kidogo kisha yanarudi juu na harufu. Fundi alipofunua chemba ya uani akatoa kitu kama ndevu za mzee, kahawia, laini, kimejaa mafuta ya sahani. Akakivuta, kikatoka kirefu kuliko mkono wake. Ilikuwa mizizi. Mti mkubwa wa karibu ni mmoja tu, mwembe wa jirani yangu upande wa kaskazini, ambao matawi yake nayo yalikuwa yakikwaruza bati langu kila usiku.

Jioni ile ile nilitaka kushika panga. Namshukuru mdogo wangu aliyenizuia hadi nikaelewa sheria inasemaje.

Katika kero kati ya majirani, mahakama zetu bado zinafuata kanuni za sheria ya Kiingereza zilizopokelewa nchini tarehe 22 Julai 1920. Kuhusu matawi, kesi inayotajwa sana ni Lemmon dhidi ya Webb, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1894. Tawi likivuka mpaka unaweza kulikata bila kuomba ruhusa, mradi ubaki kwako na usipitishe mkono mpakani. Mizizi nayo ni hivyo hivyo. Lakini tawi ulilokata bado ni mali ya mwenye mti, na maembe yaliyo juu yake pia. Ukiyachuma na kuyala, unaweza kudaiwa. Kesi hiyo hiyo inajibu hoja ambayo majirani huipenda: "Mti huu ulikuwepo kabla ya nyumba yako." Mti hukua kila mwaka, kwa hiyo umri wake haumpi mwenyewe haki ya kuutawanya juu ya kiwanja chako.

Kudai fidia ni jambo jingine. Hapo lazima uonyeshe madhara, na uonyeshe kwamba mwenye mti alijua, au alipaswa kujua, akapewa nafasi ya kurekebisha na hakufanya kitu. Kwa hiyo nilipiga picha za ile mizizi ikiwa bado ndani ya chemba, nikaweka risiti ya fundi, kisha nikaandika barua fupi yenye tarehe. Sikumtuma mtoto aipeleke. Nilikwenda mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Nikamwonyesha picha. Akazitazama kwa muda, kisha akasema, "Mti haujui mpaka, lakini mimi naujua." Akapokea barua na kutia sahihi kwenye nakala yangu. Nakala hiyo ndiyo ushahidi kwamba aliarifiwa.

Ukataji wenyewe una hatari yake. Shina la mwembe ule lina upana wa sentimita 60 hivi. Mizizi minene haifai kukatwa karibu na shina kuliko mara tatu ya upana huo, na mara tano ni salama zaidi. Mara tano ni mita 3, kwa hiyo mtaro tuliuchimba nusu mita ndani ya ukuta wangu, palipotimia umbali huo. Tena mimi niko kusini mwa mti, na upepo wa kusi unatoka upande wangu. Mizizi ya upande wa upepo ndiyo inayoushika mti usianguke. Ningeikata hovyo, mwembe ungelalia nyumba ya mzee, na mdaiwa ningekuwa mimi. Kumwaga sumu au mafuta kwenye mizizi ni vivyo hivyo: sumu itafika shinani, na haki yako inaishia mpakani.

Nikubali pia udhaifu wa dai langu. Mizizi haitoboi bomba zima. Hufuata unyevu unaovuja kwenye maungio. Bomba langu lilikuwa la zamani na maungio yake ya saruji yamepasuka. Wakili wa upande wa pili angeanzia hapo.

Jirani akigoma, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, umwombe aandike mlichozungumza. Ubishi ukiwa wa mpaka wenyewe, Baraza la Kata linapewa siku 30 kuwasuluhisha kabla ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tangu mwaka 2021 baraza hilo la kata halitoi hukumu za ardhi, linasuluhisha tu. Fidia ya kero na amri ya zuio huombwa mahakamani, na dai la madhara lina ukomo wa miaka mitatu.

Usichukue ruhusa hii ya panga ukaipeleka kwenye kelele au moshi. Huwezi kuingia kwa jirani kuzima spika wala kumwagia maji jiko lake la mkaa. Huko njia ni kuandika siku na saa za kero na kuanzia kwa mwenyekiti.

Sisi tuliishia barazani kwa mzee. Yeye alilipa nusu ya bomba jipya la plastiki lililogundishwa maungio, mimi nikalipa nusu kwa sababu ya lile la zamani. Matawi yaliyokatwa aliyachukua kuni, na kapu la maembe likarudi kwangu kwa mkono wa mjukuu wake. Chemba naifunua kila mwanzo wa masika.