Kunenepesha kwa Ajili ya Idi Kubwa: Anza na Meno, Kilo Baadaye

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia kwa uchungu. Alinenepesha mbuzi watano kwa ajili ya Idi el-Hajj, wakanawiri, lakini wanunuzi walifungua midomo, wakatazama meno, wakaondoka. Ikabidi awauze kwa mwenye bucha kwa bei ya siku zote.

Ndugu yangu, mnunuzi wa Idi Kubwa hanunui nyama tu, ananunua mnyama wa kuchinja kwa ibada, na ibada hiyo ina masharti ya umri. Kwa wafuasi wa Imam Shafi, ambao ni wengi huku kwetu pwani, mbuzi awe ametimiza miaka 2 na kondoo mwaka 1. Wapo wanaokubali mbuzi wa mwaka 1 na kondoo wa miezi 6, lakini ukifuga kwa kuwategemea hao umejipunguzia soko mwenyewe. Ndiyo maana kwa mtaji mdogo napendekeza kondoo dume wa miezi 9 hivi. Miezi mitatu baadaye ametimiza mwaka, na bado yuko kwenye umri wa kukua haraka. Mbuzi wadogo waache kwa Krismasi, ambako hakuna anayeuliza umri.

Umri unasomwa kwenye meno ya mbele ya taya la chini. Ya utoto ni manane, madogo na meupe. Mawili ya katikati hung'oka na kupisha makubwa baada ya mwaka mmoja hivi, na kwa mifugo yetu ya kienyeji yanaweza kuchelewa. Kwa hiyo muulize mfugaji amezaliwa msimu gani, usitegemee mdomo peke yake. Tazama na masikio: wafugaji wengi hukata kipande kuweka alama, na sikio lililokatwa kipande hukataliwa na wengi. Chongo na kilema usiwaguse kabisa. Aliyehasiwa hana shida, mradi kidonda kimepona.

Idi hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2025 ilikuwa mwanzoni mwa Juni, na 2027 itaangukia katikati ya Mei. Maana yake unanunua Februari, kisha masika inakukuta mnyama akiwa bandani, na masika ndiyo msimu wa minyoo. Wageni watenge wiki mbili. Funua kope la chini: likiwa jeupe badala ya jekundu, minyoo wananyonya damu. Dawa ipimwe kwa uzito wa mnyama, maana dozi pungufu huwazoesha minyoo dawa. Kabla ya kuuza, soma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo muulize daktari wa mifugo wa kata.

Sasa chakula. Changanya pumba za mahindi kilo 68, mashudu ya alizeti kilo 29, chokaa ya mifugo kilo 2 na chumvi kilo 1. Kondoo wa kilo 20 anatosheka na gramu 250 hadi 300 kwa siku, juu ya majani makavu ya kutosha na maji yasiyokatika. Hapa ndipo wenye haraka wanapoua. Anza na gramu 50, ongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili. Ukimwaga sahani nzima siku ya kwanza, tumbo linachachuka: anaacha kula, anaharisha, anasaga meno, na anaweza kufa ndani ya siku mbili. Chokaa nayo usiiruke, kwa sababu pumba zina fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na madume hupata vijiwe vya mkojo. Ukimwona anajikamua na mkojo unatoka matone, mwite daktari siku hiyo hiyo.

Akienda vizuri ataongeza gramu 70 kwa siku, yaani kilo 6 hivi kwa siku 90. Si nyingi, na hesabu ikuoneshe hilo. Tuseme umenunua kwa 80,000, chakula cha nyongeza kimekula 17,000, dawa na usafiri 10,000: jumla 107,000. Ukiuza 140,000 unabaki na 33,000, kabla ya kuhesabu majani na jasho lako. Akifa mmoja mwishoni, amekula faida ya zaidi ya watatu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya faida haitoki kwenye kilo, inatoka kwenye bei ya Februari na bei ya juma la Idi.

Anza kutafuta wateja wiki tatu kabla, msikitini na kazini. Pokea arubuni, kisha mlishe mwenyewe hadi mkesha, kwa sababu wa mjini hawana pa kumfunga. Aliyebaki bado anauzika kwa kuchinjwa hadi siku ya tatu baada ya Idi, ila usitarajie bei ya jana.