Faida ipo, hela ya kuagiza haipo

"Duka la vifaa vya ujenzi linaonyesha faida, mbona kila mwezi nakosa hela ya kuagiza mzigo?"

Mkuu, pima siku ambazo hela yako inakaa nje. Tuseme mzigo dukani ni wastani wa milioni 30, na gharama ya bidhaa ulizouza kwa mwaka ni milioni 180. Gawanya, zidisha kwa 365: siku 61. Wateja wa mkopo wanadaiwa milioni 20 kwenye mauzo ya milioni 240: siku 30. Wewe unadaiwa na wasambazaji milioni 15, nayo igawanye kwa ile 180: siku 30.

61 + 30 − 30 = siku 61. Ndizo unazojigharamia mwenyewe.

Wengi hukosea kwa kugawanya mzigo kwa mauzo. Ungepata siku 46, kwa kuwa mauzo yana faida yako ndani, na tatizo lingejificha. Tumia pia wastani wa miezi 12, maana hesabu ya Desemba pekee, rafu zikiwa tupu, itakudanganya.

Kwako ningeanza na mzigo, si madeni. Tafuta bidhaa zisizotembea siku 90, uziuze hata kwa bei ya kununulia. Kuchelewesha wasambazaji kutashusha namba, lakini watakudai taslimu.